Mbona ni 32?

Jioni moja kwenye tuisheni, mwanafunzi wa kidato cha sita alisimama ubaoni na swali lililomkalia kooni tangu mchana:

lim (h → 0) [⁵√(32 + h) − 2] / h

Kwa maneno ya kawaida: chukua 32, iongeze kidogo, tafuta kipeuo chake cha tano, toa 2, kisha gawanya kwa kile kidogo ulichoongeza. Hicho kidogo kikizidi kupungua hadi kukaribia sifuri, jibu linaelekea wapi?

Alikuwa amejaza nusu ya ubao. Kwanza aliweka h = 0 akapata sifuri juu na sifuri chini. Halafu akajaribu ujanja aliouzoea kwenye vipeuo vya pili, wa kuzidisha juu na chini kwa usemi uleule uliogeuzwa alama ya katikati ili kipeuo kitoweke. Kwa kipeuo cha pili ujanja huo hufanya kazi vizuri. Kwa kipeuo cha tano kikabaki kipeuo kingine, naye akakizidisha tena, na mistari ikawa inarefuka bila kufika popote. Akaweka chaki chini. "Mwalimu, hii haifunguki."

Nikamuuliza jambo moja tu: "Mbona ni 32? Aliyetunga swali angeweza kuweka 30 au 33. Kwa nini alichagua 32?"

Aliutazama ubao kimya kwa muda. "Kwa sababu kipeuo cha tano cha 32 ni 2," akasema. "Na 2 ndiyo inayotolewa pale."

Hapo swali lilikuwa limekwisha vua kilemba. Kilichobaki ni mstari mmoja wa kazi.

Sifuri juu, sifuri chini

Kikomo ni mahali ambapo thamani zinaelekea. Hatuulizi h ikiwa sifuri kamili inakuwaje, kwa maana hapo hakuna kitu cha kugawanya. Tunauliza h ikiwa 0.1, kisha 0.01, kisha 0.001, majibu yanasogelea namba gani. Kupata sifuri juu ya sifuri si kusema kwamba jibu ni sifuri, wala kwamba jibu halipo. Ni taarifa kwamba kiasi na asili vinafifia kwa pamoja, na kwamba jibu litategemea kipi kinafifia haraka kuliko kingine.

Sasa kumbuka basi linalotoka Chalinze kwenda Morogoro. Ukitaka mwendo wake saa nne kamili, huwezi kuupata kwa kutazama mahali lilipo saa nne peke yake. Unatazama liko wapi saa nne, unatazama liko wapi muda mfupi baadaye, unatoa, kisha unagawanya kwa huo muda mfupi. Ukiufupisha muda huo zaidi na zaidi, jibu linatulia kwenye namba ambayo mshale wa dereva ungeonyesha. Namba hiyo ndiyo wanahisabati huiita derivativu: kasi ya badiliko la kitu katika nukta moja. Kwenye grafu, ni mwinamo wa mstari unaoigusa grafu mahali hapo.

Kwa lugha ya fomula, tukiwa na fanksheni f, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa namba, derivativu yake kwenye nukta a huandikwa f′(a), na maana yake ni hii:

f′(a) = lim (h → 0) [f(a + h) − f(a)] / h

Tazama umbo lake, usitazame herufi. Juu kuna kitu kilichosogezwa kidogo kutoka mahali fulani. Kikatolewa thamani yake kilipokuwa hapo mahali, kabla ya kusogezwa. Chini kuna kiasi cha kusogezwa. Basi.

Kila derivativu, kwa kufuata maana yake, ni sifuri juu ya sifuri. Ndiyo maana kikomo kinapokupa sifuri juu ya sifuri, jambo la kwanza la kujiuliza ni kama hujasimamishwa mbele ya derivativu ambayo mtunzi ameficha jina lake.

Kulisoma swali kabla ya kulikokotoa

Rudi ubaoni. Kinachosogezwa ni nini? Ni namba iliyo ndani ya kipeuo cha tano, kwa hiyo f(x) = ⁵√x. Kimesogezwa kutoka wapi? Kutoka 32, kwa hiyo a = 32. Na ile 2 inayotolewa, je, ni f(a)? Kipeuo cha tano cha 32 ni 2, maana 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32. Ndiyo. Chini kuna h ileile iliyoongezwa juu.

Swali zima, pamoja na ubabe wake wote, linasema hivi: f′(32) ni ngapi?

Na hilo mwanafunzi yeyote aliyepita kwenye kanuni za kutafuta derivativu analiweza. Andika kipeuo cha tano kama kipeo: x^(1/5). Kanuni ya vipeo inasema shusha kipeo mbele, kisha kipunguze kwa moja:

f′(x) = (1/5) x^(−4/5)

Weka 32. Kipeuo cha tano cha 32 ni 2, na 2 kwa kipeo cha nne ni 16. Kipeo kilikuwa hasi, kwa hiyo 16 inakwenda chini: (1/5) × (1/16) = 1/80, au 0.0125.

Ile njia ndefu aliyoianza kijana nayo ingefika, kama angejua cha kuzidishia. Kipeuo cha tano hakitoweki kwa kuzidisha kwa usemi wa sehemu mbili. Kinahitaji usemi wa sehemu tano: b⁴ + 2b³ + 4b² + 8b + 16, ambapo b ni kipeuo chenyewe. Ukizidisha huo kwa (b − 2) unapata b⁵ − 32, yaani h, nayo h ya chini inakatika. Kisha unaweka b = 2 kwenye zile sehemu tano. Kila moja inatoa 16, na jumla ni 80. Jibu ni lilelile, 1/80. Ukiangalia kwa makini, 80 hiyo ni 5 mara 16, namba zilezile zilizotoka kwenye kanuni ya vipeo. Kanuni ya vipeo ilikwisha fanya kazi hiyo siku nyingi, kwa vipeuo vyote kwa mpigo. Anayelitambua umbo hairudii tena.

Tukapima kwa kikokotoo, maana jibu lisilopimwa halijamalizika. Kwa h = 1: kipeuo cha tano cha 33 ni 2.01235, ukitoa 2 inabaki 0.01235. Kwa h = 0.01: jibu ni 0.012498. Linapanda kuelekea 0.0125, kama lilivyotakiwa.

Hapa kijana akapata hamu ya kufika karibu zaidi. Akaweka h = 0.00000001. Kikokotoo kikajibu sifuri. Akanigeukia kana kwamba nimemdanganya.

Kosa halikuwa la hisabati. Kipeuo cha tano cha 32.00000001 ni 2.000000000125. Kikokotoo kinachobeba tarakimu 10 hakina mahali pa kuweka ile 125 ya mwisho. Kinaikata, kinabaki na 2 tupu, na 2 toa 2 ni sifuri. Kwa hiyo anayekisia kikomo kwa kuweka namba ndogo asidhani kwamba ndogo zaidi ndiyo bora zaidi. Shuka hatua kwa hatua, 0.1, 0.01, 0.001, ukitazama majibu yanavyotulia. Yakitulia kisha ghafla yakaruka au yakawa sifuri, hapo ni kikokotoo kimeishiwa tarakimu. Rudi kwenye yale yaliyotulia.

Kuvaa nguo nyingine

Si kila mtunzi ataacha h wazi hivyo. Wengine huandika x inayokaribia 32 na kuweka x − 32 chini. Hilo ni vazi jepesi, kwa maana x − 32 ndiyo h kwa jina lingine. Lakini kuna vazi ambalo hunasa hata wanaojua. Tuseme swali limebadilishwa kidogo tu:

lim (h → 0) [⁵√(32 + 3h) − 2] / h

Wengi huliona umbo, hufurahi, huandika 1/80. Sivyo. Juu tumesogea hatua 3h, chini tumegawanya kwa h tu. Kilichosogezwa na kinachogawanya lazima viwe kitu kimoja. Basi tunavifanya viwe kimoja: tunagawanya kwa 3h, na ili thamani isibadilike tunazidisha kwa 3. Sehemu inayobaki ndani ni f′(32), na jibu ni 3/80. Ni kama yule basi. Kama umepima umbali wa dakika tatu ukaugawanya kwa dakika moja, mwendo utautoa mara tatu ya ulio kweli, na lazima ujue kwamba ndivyo ulivyofanya.

Vazi la tatu halina h, halina sehemu, wala halina sifuri ya kuonekana:

lim (n → ∞) n × (ⁿ√2 − 1)

Hapa n inakua bila mwisho. Kipeuo cha n cha 2 kinakaribia 1, kwa hiyo mabano yanaelekea sifuri, huku n iliyo mbele inaelekea kusikojulikana. Kikubwa mno kinazidishwa kwa kidogo mno, na hakuna anayeweza kusema mshindi ni nani kwa kutazama.

Wewe ita 1/n kwa jina la h. n ikikua, h inafifia. Kuzidisha kwa n ni kugawanya kwa h. Na kipeuo cha n cha 2 ni 2 kwa kipeo cha h. Swali linageuka kuwa:

lim (h → 0) (2^h − 1) / h

Ile 1 imetoka wapi? Ni 2 kwa kipeo cha sifuri. Basi ni derivativu ya 2^x pale x ikiwa 0. Kanuni inasema derivativu ya 2^x ni 2^x × ln 2, ambapo ln ni logi asilia. Kwenye sifuri, 2^x ni 1. Jibu ni ln 2, yaani 0.6931.

Hili unaweza kulishika kwa mkono. Chukua kikokotoo cha kawaida chenye kitufe cha √. Andika 2, kisha bonyeza √ mara 10. Kila mbonyezo unagawa kipeo mara mbili, kwa hiyo baada ya mara 10 una kipeuo cha 1024 cha 2. Toa 1. Zidisha kwa 1024. Kikokotoo chenye tarakimu za kutosha kitakupa 0.69338. Sasa fanya vivyo hivyo kwa 10 badala ya 2: utapata 2.3052. Gawanya la kwanza kwa la pili: 0.3008. Waliosoma wakati wa vitabu vya majedwali ya tarakimu nne wataikumbuka namba hiyo, kwani logi ya 2 mle ni 0.3010. Tumeikaribia kwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Wala si mchezo wa leo. Mwingereza Henry Briggs, aliyetoa majedwali makubwa ya logi za msingi wa 10 mwaka 1624, alitafuta kipeuo cha pili cha 10, kisha kipeuo cha pili cha jibu, akaendelea hivyo mara 54 mfululizo, kwa mkono, kwa tarakimu nyingi. Alikuwa anashuka ngazi hiihii ya kugawa kipeo mara mbili, kwa sababu aliona kwamba karibu na 1 logi hubadilika kwa uwiano ulionyooka. Neno derivativu halikuwepo bado. Newton hata hakuwa amezaliwa. Umbo lilikuwepo.

Kikomo kilichobeba derivativu mbili

Mara nyingine kilichofichwa si derivativu moja. Mfano mzuri kuliko yote una umri wa zaidi ya miaka 300, na umo katika kitabu cha kwanza kabisa cha kufundishia somo hili, kilichochapishwa Paris mwaka 1696. Mwandishi wake ni kabaila wa Kifaransa, Guillaume de l'Hôpital. Mwalimu wake alikuwa Johann Bernoulli, kijana Mswisi kutoka mji wa Basel. Mwaka 1694 wawili hao walikuwa na mapatano: l'Hôpital atamlipa Bernoulli livre 300 kwa mwaka, na Bernoulli atampelekea uvumbuzi wake bila kumpa mtu mwingine. Kanuni ambayo leo shule zote huiita ya l'Hôpital ilisafiri kwa njia hiyo, ndani ya barua ya Bernoulli.

Mfano wao ulikuwa na herufi a. Nikiweka 1 mahali pake ili macho yapumzike, unasomeka hivi:

lim (x → 1) [√(2x − x⁴) − ∛x] / [1 − x^(3/4)]

Weka x = 1: juu ni 1 toa 1, chini ni 1 toa 1. Sifuri kwa sifuri. Kuondoa vipeuo hivi kwa aljebra ni kujitafutia homa, kwa sababu kuna kipeuo cha pili, cha tatu na cha nne, vyote kwa pamoja.

Lakini tuite sehemu ya juu F(x), na ya chini G(x). Kwa kuwa F(1) ni sifuri, F(x) ni sawa na F(x) − F(1). Na G(x) vilevile. Sasa gawanya juu na chini kwa x − 1. Thamani haibadiliki, ila umbo linajitokeza mara mbili: juu ni F′(1) inayojengeka, na chini ni G′(1). Kikomo ni F′(1) / G′(1).

Tufanye kazi yenyewe. Derivativu ya √(2x − x⁴) inapatikana kwa kanuni ya mnyororo: derivativu ya kilicho ndani, 2 − 4x³, gawanya kwa mara mbili ya kipeuo chenyewe. Kwenye x = 1 ni −2 gawanya kwa 2, yaani −1. Derivativu ya ∛x ni (1/3) x^(−2/3), ambayo kwenye 1 ni 1/3. Basi F′(1) = −1 − 1/3 = −4/3. Chini, derivativu ya 1 − x^(3/4) kwenye 1 ni −3/4. Gawanya −4/3 kwa −3/4: jibu ni 16/9.

Tupime. Kwa x = 0.99 sehemu nzima inatoa 1.731. Kwa x = 0.999 inatoa 1.773. Na 16/9 ni 1.7778. Tuko njiani.

Maana yake kwenye grafu ni nyepesi kuliko hesabu zake. Chora F na G kwa pamoja. Zote mbili zinakatiza sifuri pale pale, x ikiwa 1. Ukizitazama kwa karibu sana kuzunguka nukta hiyo, kila moja inaonekana kama mstari ulionyooka. Mistari miwili ikianzia sifuri mahali pamoja, uwiano wa vimo vyake ni uwiano wa miinamo yake. Hicho ndicho kiini cha kanuni ya l'Hôpital katika hali yake ya kwanza, na ndiyo sababu inadai sifuri kwa sifuri kabla ya kuitumia. Mstari mmoja ukiwa haupiti sifuri, uwiano wa miinamo hausemi chochote kuhusu uwiano wa vimo.

Palipo na mtego

Mitego mitatu huwanasa watu, na kila mmoja una dalili yake.

Wa kwanza ni namba inayotolewa kutokuwa thamani ya mahali pa kuanzia. Tuseme badala ya 2 mtu ameandika 3 kwenye lile swali la ubaoni. Umbo linafanana kwa mbali, lakini kipeuo cha tano cha 32 si 3. Juu kunaelekea −1, chini kunaelekea sifuri, na sehemu nzima inakimbilia nje ya karatasi. Anayejibu 1/80 hapo amesoma nusu ya swali. Dalili ni rahisi: weka h = 0 kwanza. Usipopata sifuri kwa sifuri, hakuna derivativu iliyofichwa.

Wa pili ni kwamba umbo linaweza kuwa sahihi kabisa, na derivativu yenyewe isiwepo. Chukua |h| / h, yaani h ikiondolewa alama yake, kisha igawanywe kwa h. Ni umbo la derivativu ya |x| kwenye sifuri, bila dosari. Lakini h ikija kutoka upande wa chanya jibu ni 1 kila mara, na ikija kutoka upande wa hasi ni −1 kila mara. Grafu ya |x| ina kona kali pale chini, na kona haina mwinamo mmoja. Kutambua umbo kunakuambia ulizia derivativu. Hakukupi dhamana kwamba utaikuta. Kabla ya kutumia kanuni hakikisha fanksheni ni laini mahali hapo. Ile ⁵√x yetu ni laini kwenye 32, ila kwenye 0 grafu yake inasimama wima, na kanuni ya vipeo ingekudai ugawanye kwa sifuri.

Wa tatu ni wa hila zaidi, na hauharibu jibu bali huharibu hoja. Ni kikomo mashuhuri cha sin h / h. Kwa kuwa sin 0 ni 0, hii ni derivativu ya sin x kwenye sifuri. Derivativu ya sin x ni cos x, na cos 0 ni 1. Jibu ni 1, na ni sahihi. Ila ukiulizwa umejuaje kwamba derivativu ya sin x ni cos x, utafungua daftari na kukuta kwamba mwalimu alianzia kwenye maana ya derivativu, akafika mahali anahitaji kikomo cha sin h / h, akatumia kwamba ni 1. Umerudi ulikotoka. Kama swali linataka kukokotoa, njia hii inafaa. Kama linataka kuthibitisha, lazima uingie kwa mlango mwingine, nao ni ule wa kulinganisha maeneo: pembetatu ndogo iliyo ndani ya kipande cha duara, kipande chenyewe, na pembetatu kubwa inayokizunguka. Lile swali la ⁵√ halina tatizo hili, kwa sababu kanuni ya vipeo hujengwa bila kulihitaji.

Yule kijana alisikiliza haya yote, akafuta ubao, akashika chaki. Alisema anataka kutunga la kwake. Akaandika kando, kwa herufi ndogo, ⁴√x na namba 81. Akakokotoa derivativu: robo moja, mara 1 gawanya kwa 27. Ikatoka 1/108. Akafikiri kidogo, akaongeza 2 mbele ya h ili kumtega mwenzake wa dawati la nyuma, kisha akafuta zile hesabu za kando na kuacha hiki peke yake:

lim (h → 0) [⁴√(81 + 2h) − 3] / h

"Haya," akamwambia mwenzake, "mbona ni 81?"